Inuka, Ule

Ndugu zangu katika Bwana, neno letu la leo linatoka 1 Wafalme 19, mstari wa 1 hadi wa 8. Eliya ametoka Mlima Karmeli, ambako moto wa Bwana ulishuka mbele ya watu wote, na sasa Yezebeli ameapa kumwua. Anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anakwenda nyikani mwendo wa siku moja, kisha anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anamwambia Mungu.

Tazameni Mungu anavyomjibu mtu huyu. Hamkemei, wala hamwulizi imani yake ya Karmeli imekwenda wapi. Anamwacha alale, halafu anamtuma malaika amguse na kumwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili, akisema kwamba safari hii ni kubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baadaye kabisa, kule Horebu, baada ya siku 40 za mwendo.

Nilipokuwa nikimwuguza marehemu baba yangu, watu wengi walinitembelea, wakaniombea na kunisomea Maandiko, nami nawashukuru hadi leo. Lakini usiku mmoja alikuja mama mmoja mzee wa kanisa, akanitazama usoni, akasema, "Mwanangu, nenda ukalale, nitakaa naye mimi." Hakuhubiri neno lolote. Nililala hadi jua lilipopanda, na nilipoamka niliweza kuomba kwa maneno yangu mwenyewe, jambo ambalo kwa majuma kadhaa lilikuwa limenishinda.

Tangu hapo nimekisoma kisa cha Eliya kwa namna nyingine. Sisi hufanya haraka kumwambia aliyechoka kwamba imani yake imepungua, na maneno hayo humwongezea mzigo, ilhali Mungu aliyemwumba anajua kwamba mwili wake ni udongo. Nami naamini kwamba wapo kati yetu wanaodhani Mungu amewakasirikia, kumbe wamechoka tu. Kama ni wewe, kulala kwako usiku wa leo si kumkimbia Bwana.

Nanyi mnaouliza mtawasaidiaje, katika ushirika huu tunazo familia zinazouguza ndugu zao nyumbani, na wanaokesha nao ni walewale kila usiku. Baada ya ibada wazee watabaki hapa mbele, nao watapokea jina la kila aliye tayari kukesha na mgonjwa usiku mmoja juma hili, ili wanaomwuguza wapate kulala.