Taarifa ya Tukio: Jaribio la Kuvunja Ghala Namba 2, Usiku wa Kuamkia Alhamisi, 12 Juni 2025

KWA: Mkuu wa Ulinzi
NAKALA: Meneja wa Ghala
KUTOKA: Kiongozi wa zamu ya usiku, mlinzi namba 212
MAHALI: Eneo la maghala, Vingunguti, Dar es Salaam
IMEANDIKWA: Alhamisi, 12 Juni 2025, saa 3:15 asubuhi

YAH: JARIBIO LA KUVUNJA SHATA NAMBA 3, GHALA NAMBA 2

Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Saa zote nilizoandika nimezitoa kwenye simu yangu. Saa ya kamera inatangulia simu kwa dakika 6, nimelinganisha mwenyewe leo asubuhi, kwa hiyo atakayetazama picha akumbuke kupunguza. Nilichoona kwa macho yangu nimekiandika hivyo, na nilichoambiwa na mwenzangu nimetaja aliyeniambia.

Kupokea lindo

Tulipokea lindo Jumatano saa 12:00 jioni tukiwa watatu: mimi, Hamisi aliyepangwa lango kuu, na Mzee Mkude aliyepangwa kibanda cha kati ya ghala namba 1 na namba 2. Nilizunguka na mlinzi wa mchana tukakagua shata zote sita. Kufuli zote zilikuwa zimefungwa na sili hazijakatwa. Shata namba 3, ambayo ndiyo ya nyuma kwenye ghala la betri na matairi, ilikuwa na kufuli moja kubwa upande wa kulia na sili ya bluu. Taa zote za nje ziliwaka zilipowashwa saa 12:35.

Makuli waliokuwa wakishusha matairi walitoka saa 12:40, kumi na mmoja kama walivyoandikwa kwenye daftari la lango walipoingia. Fuso iliyoleta mzigo ilitoka saa 12:55. Lango lilifungwa saa 1:10 usiku na baada ya hapo hakuna aliyeingia wala kutoka kupitia langoni.

Doria za saa 3:00, 4:30 na 6:00 zilikuwa shwari. Wakati wa doria ya saa 6:00 Hamisi aliniita kwa redio kwamba kuna bodaboda imesimama ng'ambo ya barabara, ina watu wawili, taa imezimwa. Nilifika langoni nikawaona. Aliyekaa nyuma alikuwa na simu sikioni. Walikaa kama dakika 4 wakaondoka kuelekea Barabara ya Nyerere. Namba ya pikipiki sikuweza kuisoma. Huenda hawahusiki kabisa, watu husimama pale kupokea simu karibu kila usiku, lakini nimeandika kwa sababu ilitokea.

Doria ya saa 7:30 niliifanya mwenyewe. Nilipita nyuma ya ghala namba 2 saa 7:36. Taa iliyo juu ya shata namba 3 ilikuwa inawaka, kufuli nzima, sili nzima. Pareti mbovu zilikuwa zimepangwa karibu na choo, hatua 11 kutoka kwenye shata. Naomba hili la taa na pareti liwekwe akilini.

Umeme kukatika

Saa 7:51 usiku umeme ulikatika. Nilitazama nje ya lango nikaona mtaa mzima una giza, pamoja na majengo ya jirani pande zote mbili, kwa hiyo si kwamba waya wetu peke yetu ulichezewa. Kwa mujibu wa maagizo ya lindo, umeme ukikatika mlinzi mmoja anabaki langoni, mmoja mlango wa ofisi, na wa tatu anasimama mbele ya maghala. Tulifanya hivyo. Ufunguo wa chumba cha jenereta haukai na walinzi wa usiku.

Mwezi ulikuwa mpevu na uwanja wa mbele ulionekana vizuri bila tochi. Nyuma ni tofauti. Mwezi ulikuwa umeshaegemea kusini magharibi, na kivuli cha ghala kilifunika uchochoro wote wa kaskazini kati ya ghala na ukuta.

Umeme ulirudi saa 8:12. Taa za mbele ziliwaka, za pembeni ziliwaka. Saa 8:15 nilisimama kwenye kona ya mashariki ya ghala namba 1 nikaona kwamba kule nyuma ya namba 2 hakuna mwanga. Taa iliyowaka saa 7:36 haikurudi. Nilimwita Mzee Mkude kwa redio, sauti ya chini, tukakubaliana yeye apite upande wa magharibi na mimi mashariki, asiwashe tochi mpaka asikie filimbi yangu. Hamisi alibaki langoni. Tuliondoka saa 8:17.

Nilichosikia na nilichoona

Saa 8:19, nikiwa nusu ya ukuta wa mashariki, nilisikia chuma kinasagwa. Mlio wa msumeno wa mkono: unavuta, unasimama, unavuta, unasimama. Ulirudi mara tatu kisha ukatulia. Gurinda haikuwa.

Saa 8:20 nilichungulia kwenye kona. Shata namba 3 iko hatua 25 kutoka pale niliposimama. Niliona watu wawili kwenye shata. Mmoja alichutama upande wa kufuli. Wa pili alisimama nyuma yake akimmulikia kwa mwanga mdogo uliofunikwa kwa kitambaa. Wa tatu alikuwa juu ya ukuta, amekaa kama aliyepanda punda, mguu mmoja ndani na mmoja nje, anatazama upande wa mtaroni.

Aliyechutama alivaa shati au fulana nyeusi na kofia. Aliyesimama alikuwa mrefu kuliko mimi, mwembamba, suruali ya rangi hafifu imekunjwa mpaka chini ya magoti. Wa ukutani alikuwa na jaketi lenye mistari inayong'aa, kama yale ya bodaboda. Sura za wote watatu sikuziona, na nikionyeshwa watu leo siwezi kumnyooshea mtu kidole.

Saa 8:21 nilipiga filimbi, nikawasha tochi na kupaza sauti: "Nani hapo? Simama!" Mzee Mkude akawasha yake upande wa pili. Wa ukutani aliruka nje mara moja. Aliyechutama alikimbilia kamba iliyoning'inia ukutani akapanda. Yule mrefu alirusha kipande cha chuma upande wangu, kikaanguka kama mita 2 mbele yangu, kisha naye akapanda. Wakati anavuka alinasa kwenye seng'enge ya wembe, nikamsikia akiguna, akajirusha. Kamera namba 4 ilimpata akivuka. Kwenye skrini inasomeka 02:29, yaani saa 8:23 usiku kwa saa yetu.

Hatukuwafuata nje ya ukuta. Tulikuwa wawili, na lango lilikuwa na mtu mmoja tu. Hakuna mlinzi aliyeumia.

Nilisikia gari linawashwa upande wa mtaroni. Hamisi anasema saa 8:25 aliona kirikuu nyeupe ikipita mbele ya lango kwa kasi bila taa, ikielekea barabara kuu. Hakuona waliomo wala namba. Mimi gari hilo sikuliona.

Mawasiliano

Saa 8:24 nilikupigia simu wewe Mkuu, ukapokea. Saa 8:26 nilipiga 112. Askari wa doria walifika saa 8:58, wanne kwa gari. Walikagua uchochoro na nje ya ukuta, wakachukua maelezo yangu na ya Mzee Mkude, wakaondoka saa 9:40. Namba ya RB imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, ukurasa wa 47. Tangu wezi walipokimbia hadi askari wanafika, Mzee Mkude alisimama kwenye kona na hakuruhusu mtu kukanyaga pale.

Vilivyokutwa

Kufuli la shata namba 3 limekatwa upinde wake kama nusu, halijaachia. Sili ya bluu imekatwa na vipande viwili vilikuwa chini. Shata haikuinuliwa: vumbi la kwenye reli yake ya chini lilikuwa halijaguswa.

Chini palikuwa na msumeno wa chuma, wembe wake umekatika, na wembe mwingine mpya ndani ya karatasi. Kile nilichorushiwa ni mtalimbo, urefu kama wa mkono wangu. Juu ya seng'enge kulikuwa na magunia mawili ya katani yaliyokunjwa ili wasichomwe, na kamba ya manila yenye mafundo, imefungwa kwenye nguzo ya chuma ya seng'enge. Kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kushoto. Kwenye wembe wa seng'enge, upande wa kulia wa magunia, kulikuwa na matone ya damu. Askari walipiga picha na kuchukua vyote isipokuwa magunia, ambayo waliyarudia asubuhi.

Sasa taa. Chini yake zilikutwa pareti mbili zimepandanishwa, ambazo saa 7:36 zilikuwa kule chooni. Balbu haikuungua. Ilikuwa imelegezwa kwenye soketi. Askari aliyevaa glavu aliikaza mbele yetu saa 9:12, ikawaka. Kwa maoni yangu aliyeilegeza alifanya hivyo umeme ukiwa umekatika, yaani kati ya saa 7:51 na 8:12, na hivyo mtu mmoja angalau alikuwa ndani ya ukuta kabla umeme haujarudi. Tena alikwenda moja kwa moja kwenye pareti gizani, na kwenye shata ambayo haionekani kutoka lango wala kibanda. Mtu wa aina hiyo ama ameshaingia humu mchana, ama ameelekezwa na aliyeingia. Simtaji mtu kwa sababu sina ninayemjua.

Wakati huo wa giza kamera hazikurekodi, kwani mashine yake haina betri. Kuna pengo la dakika 23, kuanzia umeme ulipokatika hadi mashine ilipojiwasha saa 8:14.

Asubuhi

Saa 12:45 mpelelezi alifika, tukatoka naye nje ya ukuta. Kwenye tope la ukingo wa mtaro kulikuwa na nyayo, moja ya mguu mtupu, na alama za matairi membamba ya gari dogo.

Saa 1:05 asubuhi mtunza ghala alifungua shata ya mbele. Tuliingia naye na mpelelezi. Hakuna alama ya mtu kuingia. Mtunza ghala alihesabu betri na matairi akasema mzigo umetimia. Hesabu ni yake, mimi nilishuhudia tu.

Nimesikia vibarua getini wakisimulia kwamba walikuwa wezi sita wenye mapanga. Mimi nimeona watatu, na panga sikuliona.

Ninachoomba

Kufuli la shata namba 3 libadilishwe leo kabla ya saa 12:00 jioni, na liwekwe la pili upande wa kushoto. Taa ya nyuma iwekewe kikapu cha chuma. Pareti ziondolewe uchochoroni kabisa. Mashine ya kamera ipatiwe betri, na ufunguo wa jenereta ukae na kiongozi wa zamu kwa kusaini. Umeme ukikatika, maagizo yanayotuweka wote watatu mbele naomba yatazamwe upya, kwa kuwa yeyote aliyetuchunguza siku mbili tatu anajua nyuma hakuna mtu.

Lindo nimelikabidhi kwa zamu ya mchana saa 1:30 asubuhi, pamoja na funguo 9, redio 3, tochi 3 na kitabu cha matukio. Nimebaki kazini kuandika taarifa hii na ninapatikana kwa simu iliyo kwenye orodha ya walinzi mpelelezi akinihitaji.

Mlinzi namba 212
Kiongozi wa zamu ya usiku

Shahidi: Mkude, mlinzi namba 187. Amesomewa sehemu inayomhusu, amekubali na kuweka sahihi.
Shahidi: Hamisi, mlinzi namba 230. Amesoma mwenyewe na kuweka sahihi.