Kiyoyozi cha Dirishani

Rehema alikuwa akirudi Majengo saa mbili asubuhi kutoka zamu ya usiku bandarini Kilindini, anavuta pazia, anawasha kiyoyozi. Kinatetemeka hadi vikombe kabatini vinaitikia. Akizima, joto la Mombasa; akiwasha, kelele. Usingizi utoke wapi?

Mama Zuhura wa mlango wa pili akabisha hodi. "Mwanangu, hilo lidude nalisikia hadi jikoni kwangu."

"Nisamehe, mama. Fundi anataka elfu tatu."

"Fundi wa nini? Marehemu mume wangu alitengeneza mafriji. Weka kiganja hapa mbele, bonyeza."

Kelele ikapungua kidogo. Akabonyeza ubavuni, karibu na fremu: kimya.

"Basi feni haina neno. Zima, chomoa plagi, lete bisibisi."

Skrubu mbili zilikuwa zimelegea. Rehema akazikaza mwenyewe. Wakakata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, wakavisokomeza kati ya bodi na fremu.

"Upande wa nje uwe chini kidogo, maji yasikurudie chumbani."

Wakawasha. Kikanguruma tu.

"Na hili chujio, mama?"

"Lioshe, aibu! Likikauka rudisha, ulale. Saa tisa nakuletea chai."