Muhtasari wa ripoti ya afisa wa watoto: kesi ya malezi, Malindi

Wakili,

Ripoti iliyowasilishwa katika Mahakama ya Watoto tarehe 2 Aprili 2025 ina kurasa 11 na viambatisho 3. Majina ya watoto sikuyaandika: ni msichana wa miaka 9 aliye Gredi ya 4, na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Mteja wetu, mama yao, anakaa Barani na mumewe wa sasa. Baba anakaa Mambrui kwa mamake. Tangu Januari watoto wako kwa mama, na kwa amri ya muda baba huwachukua Ijumaa jioni na kuwarudisha Jumapili.

Afisa amechanganya aliyoyaona na aliyoambiwa, mara nyingine katika aya moja. Nimeyatenga.

Aliyoyaona mwenyewe

Barani alifika Jumanne 11 Machi, saa nane mchana. Aliona vyumba viwili safi, chandarua juu ya kitanda cha watoto, na mtoto mdogo akicheza uani na nguo safi. Dada yake alikuwa shuleni. Kisha anaandika: "jiko lilikuwa baridi na hapakuwa na dalili ya chakula" (uk. 4).

Mambrui alifika Jumamosi 22 Machi, saa kumi na mbili jioni. Aliona tambi, mbaazi za nazi, mahamri na tende mkekani, familia nzima imekaa, bibi akimmiminia mjukuu uji (uk. 6).

Siku zote mbili zilikuwa ndani ya Ramadhani. Nyumba moja ameitembelea mchana wa saumu, nyingine wakati wa kufuturu, na ripoti nzima haitaji neno saumu hata mara moja. Sisemi ana nia mbaya. Jiko kweli lilikuwa baridi. Lakini uk. 9 hilo jiko limegeuka kuwa "upungufu wa lishe". Kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo ni kiambatisho A, inaonyesha uzito wake unapanda vizuri, na uk. 9 haiitaji.

Aliyoyasoma

Daftari la mahudhurio (kiambatisho B): msichana amekosa shule siku 9 muhula wa kwanza. Ripoti inaishia hapo na kuliweka kosa kwa mama. Nimehesabu tarehe kwenye nakala: 6 kati ya hizo 9 ni Jumatatu. Hilo peke yake halithibitishi kwamba baba huchelewa kuwarudisha, na mteja lazima tumuulize kabla hatujalitaja, tusije tukajichoma wenyewe. Kiambatisho C ni taarifa ya M-Pesa ya baba: ametuma matunzo miezi 3 kati ya 5.

Aliyoambiwa

Mwalimu wa darasa, ana kwa ana: msichana ni mtulivu, kazi ya nyumbani hukamilika. Msichana mwenyewe, peke yake, shuleni: anataka siku za shule akae kwa mama, na asitenganishwe na mdogo wake (uk. 7).

Shangazi wa upande wa baba, kwa simu: mama humwacha mdogo kwa jirani mpaka usiku. Jirani huyo hakuhojiwa. Shangazi huyohuyo ndiye aliyesema mama akishaolewa tena hadhana, yaani haki ya kulea watoto, humtoka. Kauli hiyo ina msingi katika fikihi ya Kishafii, lakini kesi hii iko Mahakama ya Watoto, na kipimo ni Ibara ya 53(2) ya Katiba: maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza. Baba wa kambo, anayeishi na watoto siku tano za wiki, hakuhojiwa kabisa. Pengo hilo linaweza kutukata sisi pia. Ni heri aje kutoa ushahidi.

Mapendekezo, na yanakosimama

La kwanza, watoto wahamie kwa baba. Sababu zilizotolewa ni lishe, siku 9 za shule na "uangalizi hafifu", yaani jiko la Ramadhani, daftari lililosomwa nusu, na simu ya shangazi. Maneno ya msichana hayamo, ingawa Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni ya mtoto yasikizwe na kuzingatiwa.

La pili, baba alipe karo na matunzo kila mwezi. Linasimama juu ya kiambatisho C na sisi tunaliunga mkono. Ila halipatani na la kwanza: kama watoto watakaa kwake, hayo matunzo atamtumia nani?

La tatu, watoto wasitenganishwe. Linatokana na msichana mwenyewe. Lisipingwe.

La nne, wazazi waende kwa mshauri nasaha. Halina chanzo kilichotajwa, wala halina madhara.

Afisa ataitwa kuhojiwa. Mimi ningeanza na saa za ziara, kwa upole, kisha daftari. Nakala ya kiambatisho B iko mbele ya faili, Jumatatu zote nimezizungushia wino mwekundu.