Mama mkubwa, ivi ndo unavyolipa dukani kwa simu

Shikamoo mama mkubwa. Nimekuandikia kwa herufi kubwa, mdogo wangu akuprintie pale Mwanga ukae nayo kwenye pochi. Apu ya M-Pesa tayari tumeiweka na laini yako ya Voda imo, kwahiyo hapa tunaongelea kulipa tu, umeshachukua vitu vyako na muuza duka ameshapiga hesabu.

1. Kabla hujatoka nyumbani angalia bando lipo na data imewashwa. Unavuta kidole kutoka juu ya kioo kushuka chini, pale kwenye vile vimishale viwili pawe pamewaka. Simu ya tachi haipendi mkono wenye mafuta, kama umetoka kushika mawese au migebuka futa kidole kwenye kanga kwanza, la sivyo utagusa weee na haitafunguka.

2. Muulize muuzaji, "lipa namba yako ipi?" Atakuonyesha kibao kilichobandikwa kaunta au ukutani, kina namba na mara nyingi kina na mchoro wa vidoti vyeusi wa mraba, ndo QR hiyo. Akikwambia nitumie tu kwenye namba yangu ya kawaida, mwambie unataka lipa namba. Kutuma kwa namba ya mtu ni kitu kingine na makato yake ni mengine.

3. Fungua apu. Itakuomba namba ya siri, ile ileile ya M-Pesa. Ikifunguka salio huenda limefichwa, unagusa kale kajicho linaonekana, ila ukiwa dukani na watu nyuma yako bora uliache limefichwa, wa nini wajue.

4. Gusa palipoandikwa Lipa. Hapo una njia mbili, uandike lipa namba mwenyewe au uskani mchoro. Mimi nakushauri uskani, maana macho yako na namba ndefu hawapatani. Simu ikiuliza iruhusu kamera, ruhusu. Shika simu mbali kidogo na kibao, kama unavyosoma dawa, mchoro wote uingie kwenye kile kibox, utulize mkono, yenyewe inasoma.

5. Hapa ndo usikimbilie, mama mkubwa. Kabla hela haijatoka simu inaleta jina. Msomee muuzaji kwa sauti, "linakuja jina fulani, ndo wewe?" Usishangae likija jina lake mwenyewe au la mume wake na sio lililo kwenye bango la duka, wengi wamesajili hivo, muhimu ni yeye akubali kuwa ndo lenyewe. Akisema silijui hilo jina, rudi nyuma, usiweke namba ya siri. Vibao hubandikwa juu ya vibao, na namba moja ikikosewa hela inaenda kwa mtu mwingine kabisa.

6. Andika kiasi. Tuseme sukari kilo mbili 6,000, mafuta lita moja 6,500, sabuni 2,000, jumla 14,500. Kwenye simu unaandika 14500 bila mkato, afu unahesabu sifuri, ziwe mbili tu, ukiongeza moja tu tayari ni laki na arobaini na tano elfu.

7. Weka namba ya siri. Geuza simu ukiifunika na mkono. Muuzaji akisema "nipe nikusaidie mama", sawa akuelekeze kwa mdomo, ila simu ibaki mkononi mwako na namba ya siri usiitaje hata kwa mjukuu.

8. Subiri meseji. Inakuja na kiasi, jina la uliyemlipa na namba ya muamala. Na yeye inamfikia yake, mkishaiona wote chukua mfuko wako.

Sasa ikigoma. Netiweki ikizunguka tu, toka mlangoni usubiri kidogo, USILIPE MARA YA PILI hapohapo. Angalia kwanza salio au historia ya miamala, kama hela imeshatoka inaonekana. Apu ikikataa kabisa piga *150*00# kama ulivyokuwa unafanya kwenye kile kitochi chako, chagua Lipa kwa M-Pesa, lipa namba ni ileile na hii haihitaji bando. Ukiona umelipa mahali pasipo sahihi, piga 100 mapema, usifute meseji, watakuuliza ile namba ya muamala.

Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ukizipata usijibu, zipeleke 15040 bure. Mtu akipiga anasema ni wa huduma kwa wateja anataka namba ya siri, kata simu hata kama anakuamkia vizuri.

Kwa kuanza nenda dukani kwa jirani mchana kukiwa hakuna foleni, nunua sabuni tu, na elfu chache za kesh uwe nazo kwenye upindo wa kanga.