Radhi kwa wateja wetu kuhusu mizigo ya Jumamosi

Ndugu wateja wetu,

Jumamosi iliyopita vifurushi 43 vilitoka dukani kwetu. Kati ya hivyo, 31 vilifika kwa watu ambao si wenyewe. Mama aliyeagiza nguo za mtoto mchanga alifungua mzigo akakuta pampu ya maziwa ya mwenzake. Aliyekuwa akisubiri pampu alipata blanketi. Mmoja wenu hakupata chochote siku nzima, na kila alipouliza aliambiwa mzigo wake umeshapokelewa. Nawaomba radhi nyote. Kosa hili ni la duka, na mwenye duka ni mimi.

Kuna jambo jingine ninaloliombea radhi kabla sijaeleza lililotokea. Jumamosi jioni niliweka tangazo nikisema kwamba vijana wa pikipiki ndio waliochanganya mizigo. Maneno yale hayakuwa ya kweli. Niliyaandika kabla sijauliza wala kukagua chochote, kwa sababu simu zilikuwa zinaita mfululizo na nilitaka kuwa na jibu. Vijana wale walipeleka kila kifurushi mahali palepale palipoandikwa juu yake. Baadhi yao walitukanwa milangoni kwa watu kutokana na maneno yangu. Nimewafuata mmoja mmoja kuwaomba msamaha, na narudia hapa mbele yenu, maana nilipowachafulia jina ni hapa. Tangazo lile nimeliacha lilipo, na juu yake nimeandika kwamba si kweli, ili aliyelisoma ajue.

Ilivyotokea ni hivi. Ijumaa usiku tulikuwa na oda 44. Tulichapisha lebo zote 44 kwa mpangilio wa oda, tukavipanga vifurushi kwenye sakafu ya stoo kwa mpangilio huohuo, ili asubuhi kazi iwe ni kubandika tu. Asubuhi mteja wa 13 akapiga simu kughairi. Ni haki yake, na hana kosa lolote katika haya. Tukakitoa kifurushi chake kwenye mstari, lakini lebo yake ikabaki katikati ya zile nyingine. Tulipoanza kubandika, 12 za kwanza zilikaa sawa. Kuanzia hapo kila lebo ikaangukia mzigo wa mtu anayefuata, hadi mwisho wa mstari.

Mwishoni ilibaki lebo moja mkononi mwangu. Nilijua kuna mtu ameghairi, nikadhani ndiyo yake, nikaikunja na kuitupa bila kusoma jina. Lile jina lilikuwa la mteja wa mwisho, yule ambaye hakupata kitu. Ningelisoma, hakuna kifurushi ambacho kingetoka kikiwa na jina lisilo lake. Msichana anayenisaidia dukani alibandika alivyoelekezwa. Wanaompigia na kumtumia meseji za ukali, nawasihi hasira hizo mzielekeze kwangu.

Najua kinachowauma wengi wenu si kucheleweshewa. Duka letu linauza vitu vya mama na mtoto. Mtu anaweza kuagiza pedi za uzazi au sidiria za kunyonyeshea, au nguo za mtoto ambaye ujauzito wake hajamwambia hata shemeji yake. Vitu hivyo vilifunguliwa na watu wengine, na ndani kulikuwa na risiti yenye jina na namba ya simu ya mwenyewe. Mambo yenu ya ndani mlituachia sisi, tukayapeleka kwa mtu baki. Hilo siwezi kulirudisha nyuma, na sitajifanya kwamba kurudishiwa pesa kunalifuta.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila aliyepokea mzigo usio wake: tafadhali usimpigie mwenye namba iliyo kwenye risiti, hata kama nia yako ni njema ya kutaka mbadilishane. Usipige picha vitu vile, na kama ulishapiga, ifute. Kubadilishana ni kazi yangu. Nitafuata mzigo ulipo na kuufikisha kwa mwenyewe, na hakuna atakayelipa nauli ya kwenda wala ya kurudi.

Hadi ninapoandika haya, wenye mizigo 27 wameshapata vitu vyao. Wanne bado hawajapata, na kila mmoja nimeshaongea naye. Wawili kati yao wanangoja pampu za maziwa. Pampu zao zilitolewa kwenye boksi na watu waliozipokea, na pampu iliyokwisha kufunguliwa siwezi kumpa mama mwingine, hata ikiwa inaonekana haijaguswa, kwa sababu ni kitu kinachogusa titi na kupitisha maziwa anayokunywa mtoto. Nimeagiza mpya. Zile zilizofunguliwa hazitarudi kwenye rafu, na vivyo hivyo pedi na nepi zote ambazo pakiti zake zimechanwa.

Wote 31 mnarejeshewa gharama ya kuletewa mzigo, hata mliokwisha kupata vitu vyenu. Asiyetaka tena kitu alichoagiza anarudishiwa pesa yake yote, na hatadaiwa maelezo. Kuna ambao wamepata vitu baada ya siku waliyovihitaji kupita. Mmoja alikuwa anampelekea zawadi dada yake hospitalini, na dada ameshatoka. Kwenu ninyi pia hilo linahusika: rudisheni vitu na mchukue pesa, hata kama vitu vyenyewe havina kasoro. Na wewe uliyeghairi kisha ukaletewa mzigo wa mtu na kudaiwa malipo mlangoni, ulichotoa nimeshakirudisha jana.

Namna ya kufunga mizigo imebadilika. Hatuchapishi tena lebo za oda zote kwa pamoja usiku. Sasa lebo inachapishwa kifurushi kikiwa mezani, kikiwa bado wazi, na namba ya oda iliyo juu ya lebo inasomwa kwa sauti pamoja na ile ya risiti kabla ya boksi kufungwa. Msomaji ni mmoja na mfungaji ni mwingine. Oda ikighairiwa, lebo yake inachanwa hapohapo. Ikibaki lebo hata moja mwishoni, au ukipungua mzigo mmoja, hakuna pikipiki inayoondoka mpaka tujue ni ya nani. Risiti ya ndani pia haitakuwa tena na namba ya simu, bali namba ya oda tu. Utaratibu huu unatuchelewesha, kwa hiyo oda za Jumamosi sasa tunazipokea mwisho saa sita mchana siku ya Ijumaa. Atakayechelewa tutamweleza wazi kwamba mzigo wake ni wa Jumatatu.

Mwisho, wapo walioandika malalamiko chini ya tangazo lile na kukuta yamefutwa. Niliyafuta mimi, na haikuwa haki yangu. Mliofutiwa, andikeni tena hapa chini mkitaka. Sitafuta, isipokuwa pale mtu atakapotaja jina au bidhaa ya mteja mwingine.

Ambaye bado ana mzigo usio wake, au hajapata wake na hajasikia kutoka kwangu, apige namba ya duka ileile aliyoagizia. Wiki hii yote naipokea mimi mwenyewe, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Ukikuta inatumika, nitakupigia.

Mwenye duka