Barua ya kusitisha mkataba wa ugavi wa vyakula

Kampuni ya Kupandisha Wageni Mlima Kilimanjaro
Idara ya Ununuzi na Stoo
Majengo, Moshi

Kumb. Na. UNZ/UG/41/2025
28 Agosti 2025

Kwa: Mkurugenzi,
Kampuni ya ugavi wa vyakula,
Eneo la Soko la Kilombero, Arusha

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NOTISI YA SIKU 14 YA KUSITISHA MKATABA WA UGAVI WA VYAKULA VYA SAFARI ZA MLIMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa barua hii tunawajulisha kwamba tunasitisha mkataba wetu uliosainiwa tarehe 2 Januari 2025. Mkataba utafika mwisho Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025. Sababu ni moja: mzigo kuchelewa mara kwa mara, hata baada ya maonyo mawili ya maandishi na kikao tulichokaa pamoja.

Kifungu cha 4 cha mkataba kinataka mzigo ufike stoo yetu ya Majengo kabla ya saa 10:00 jioni ya siku inayotangulia safari, na kinasema wazi kwamba muda huo ni sharti la msingi. Kifungu cha 14(b) kinampa mnunuzi haki ya kusitisha mkataba kwa notisi ya siku 14 iwapo mgavi atachelewa mara tatu ndani ya siku 90 baada ya kuonywa, au zaidi ya mara tano ndani ya muda huo bila kujali maonyo. Kati ya tarehe 10 Juni na tarehe 25 Agosti mmeshindwa kutimiza muda mara sita. Saa za kupokea tunazozitaja hapa zimetoka kwenye daftari la mapokezi la stoo, ambalo dereva wenu husaini kila anaposhusha mzigo.

Tarehe 10 Juni, Jumanne. Mzigo wa wageni wanane wa njia ya Machame ulifika saa 3:40 usiku. Dereva alieleza kuwa gari liliharibika Usa River. Tulikubali maelezo hayo, na wapishi wetu wakafunga vyakula usiku.

Tarehe 26 Juni, Alhamisi. Mzigo haukufika siku hiyo. Ulifika kesho yake saa 1:15 asubuhi, bila mayai na kuku wakiwa nusu ya oda. Wagumu walikuwa wameshafunga mizigo yao, ikabidi ifunguliwe na kupangwa upya. Mnafahamu kwamba mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani getini na kikomo ni kilo 20 kwa mtu. Mzigo uliopangwa kwa haraka ndio unaozidi kilo, na mwenye kubaki getini akibishana na mizani ni mgumu, si mgavi.

Tarehe 13 Julai, Jumapili. Hili tunalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililotuumiza kuliko yote. Kundi la wageni 11 lilikuwa linaanza safari ya siku nane kupitia Lemosho. Ilipofika saa 12:00 jioni tulipiga simu, tukaambiwa gari limeshapita Boma Ng'ombe. Saa 3:00 usiku tukaambiwa linapakia Arusha. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na hadi leo hatujapewa maelezo. Mzigo ulifika Jumatatu saa 4:20 asubuhi, wakati wageni walishaondoka Moshi saa 2:00 wakiwa na vyakula vikavu peke yake, kwani geti la Londorosi ni mbali na hatukuweza kuwazuia zaidi. Tulikodi gari jingine kuwafuatilia. Lilifika alasiri, msafara umeshaanza kupanda, na wagumu wanne waliobaki kulisubiri waliingia kambi ya Mti Mkubwa gizani, kwa taa za kichwani, wakiwa na mboga na nyama migongoni.

Katika kundi hilo alikuwemo mgeni asiyeweza kula chochote chenye ngano kwa sababu za kiafya. Tulikuwa tumewaandikia mahitaji yake kwenye oda tangu tarehe 4 Julai, mstari wa kwanza kabisa: viazi mviringo, ndizi za kupika, unga wa mahindi, mayai. Wakati wa chakula cha jioni ukafika, na mpishi wetu hakuwa na kitu cha kumpa zaidi ya chai na karanga. Alikwenda kwa mpishi wa kampuni nyingine aliyekuwa kambi hiyohiyo, akaazima viazi. Mgeni alikula. Lakini mtu anayejiandaa kupanda hadi mita 5,895 anahitaji kula vizuri tangu siku ya kwanza, na hakupaswa kulishwa kwa hisani ya jirani.

Tuliwaandikia onyo la kwanza tarehe 15 Julai. Tarehe 18 Julai mlikuja ofisini kwetu, tukazungumza kwa heshima, mkaahidi mambo mawili: kutenga gari la pili kwa ajili ya oda za Moshi, na kutupigia simu wenyewe kila ifikapo saa 8:00 mchana kutueleza mzigo ulipo. Muhtasari wa kikao hicho una saini ya pande zote mbili. Gari la pili hatujaliona. Simu ya saa 8:00 tuliipata mara moja.

Tarehe 30 Julai, Jumatano. Mzigo ulifika saa 2:05 usiku. Mlieleza kuwa magari yalikuwa yanapeleka bidhaa viwanja vya Nane Nane, Themi. Maonyesho ya Nane Nane yapo kila mwaka na tarehe zake zinajulikana. Maandalizi yake hayawezi kuwa dharura. Onyo la pili tuliliandika tarehe 1 Agosti.

Tarehe 16 Agosti, Jumamosi. Mzigo haukuja kabisa. Simu ziliita bila kupokelewa mpaka usiku. Jumapili alfajiri watu wetu waliingia soko la Mbuyuni, kisha Soko Kuu, wakanunua oda nzima kwa fedha taslimu na kwa bei ya rejareja. Tulilipa shilingi 1,384,000 kwa vitu ambavyo kwa bei ya mkataba vingekuwa shilingi 1,067,500. Ujumbe wenu wa simu wa kuomba radhi ulitufikia Jumatatu mchana.

Tarehe 25 Agosti, Jumatatu. Mzigo ulifika saa 5:50 usiku. Mkuu wa stoo alipofungua masanduku ya baridi alikuta barafu imeyeyuka yote na kuku wamelala kwenye maji ya uvuguvugu. Tulikataa kilo 22 za kuku mbele ya dereva, naye akasaini hati ya kukataa mzigo. Bila shaka mnaelewa kwa nini: chakula cha namna hiyo kikimharibu mtu tumbo akiwa Barafu au Karanga, hakuna hospitali ya kukimbilia, kuna machela na mwendo mrefu wa kushuka.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Kuanzia Januari hadi Mei mlileta mizigo kwa wakati, na ubora wa mboga na matunda yenu haukuwahi kuwa tatizo. Bei zenu nazo ni nzuri. Ndiyo maana tulivumilia Juni bila hata kukata tozo ambayo mkataba unaturuhusu. Ila sasa tuko katikati ya msimu mkubwa, safari zinafuatana, na hatuwezi kuendelea kuwaahidi wageni kitu ambacho sisi wenyewe hatuna uhakika kama kitafika. Uamuzi huu umepitishwa na uongozi wa kampuni na hautabadilishwa kwa ahadi mpya.

Kuhusu kipindi cha notisi, oda ya vyakula vikavu ya tarehe 3 Septemba tutaipokea kama ilivyo, kwa kuwa mmetueleza kwamba mchele, maharage na mafuta mmeshavinunua kwa ajili yetu. Tafadhali ifike kabla ya saa 10:00 jioni. Mboga, matunda, mayai na nyama hatutaagiza tena kwenu kuanzia leo. Oda ya tarehe 6 Septemba, ambayo bado hamjaithibitisha, imefutwa.

Kuhusu fedha. Ankara zenu ambazo hatujalipa ni za jumla ya shilingi 4,236,000, zikiwemo za mizigo miwili ya Agosti iliyofika kwa wakati. Hatubishi deni hilo. Kutoka humo tunakata shilingi 192,000, ambazo ni tozo ya asilimia 5 chini ya kifungu cha 9 kwa mizigo ya tarehe 13 Julai, 30 Julai na 25 Agosti yenye thamani ya shilingi 3,840,000. Shilingi 264,000 za kuku waliokataliwa. Shilingi 316,500 za tofauti ya bei ya tarehe 16 Agosti. Na shilingi 280,000 za gari lililokodiwa kwenda Londorosi. Makato yote ni shilingi 1,052,500. Kinachobaki, shilingi 3,183,500, ni haki yenu na tutakilipa benki ndani ya siku saba za kazi baada ya kusaini ulinganisho wa hesabu na kupokea risiti za EFD ambazo bado tunazidai. Malipo ya oda ya tarehe 3 Septemba yatafanyika peke yake kwa masharti yaleyale.

Makato hayo yamejikita kwenye mkataba wenyewe na kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, kinachohusu fidia kwa upande ulioathirika na uvunjaji wa mkataba. Hatujadai chochote kwa usumbufu wala kwa malalamiko ya wageni, na hatukusudii kufanya hivyo iwapo hesabu zitafungwa kwa utaratibu huu. Yakitokea mabishano, tutafuata usuluhishi ulioelezwa katika kifungu cha 16 kabla ya hatua nyingine yoyote.

Tunawaomba mhasibu wenu na mtu mwenye mamlaka ya kusaini wafike stoo yetu Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa 4:00 asubuhi, kwa ajili ya ulinganisho wa hesabu. Waje na nakala za ankara zote za kuanzia Juni. Siku hiyo tutawakabidhi kreti zenu za plastiki 34 zilizopo kwetu, zikiwa zimeoshwa na kuhesabiwa, nanyi mturudishie masanduku yetu sita ya baridi yenye nembo ya kampuni. Orodha ya bei na taarifa za wageni mlizopewa kwa ajili ya oda zibaki siri kama kifungu cha 12 kinavyoelekeza. Kifungu hicho kinaendelea kutumika hata baada ya mkataba kuisha.

Barua hii inaletwa kwa mkono na nakala yake imetumwa kwa barua pepe. Tafadhali saini na gonga muhuri kwenye nakala ya mleta barua kuthibitisha kuipokea.

Wenu katika kazi,

(Imesainiwa na kugongwa muhuri)
Meneja wa Ununuzi
Kwa niaba ya Mkurugenzi Mtendaji

Viambatisho: nakala za kurasa za daftari la mapokezi, barua za onyo za 15 Julai na 1 Agosti, muhtasari wa kikao cha 18 Julai, hati ya kukataa mzigo ya 25 Agosti, risiti za manunuzi ya 17 Agosti na ya gari la kukodi.

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mkuu wa Stoo, Mpishi Mkuu, Wakili wa Kampuni.