Yah: Pendekezo lako la makala kuhusu mkonge wa Tanga

Ndugu Shabani,

Habari za kazi, na habari za Muheza.

Asante kwa pendekezo la makala ya historia ya mkonge uliloniletea wiki iliyopita. Nimelisoma, kisha nikalipeleka kwenye kikao chetu cha Jumatatu. Nasikitika kukuarifu kwamba hatutaichukua makala hiyo. Pendekezo lililoandaliwa kwa bidii namna hii halistahili kujibiwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo naomba nikueleze sababu.

Ya kwanza ni ya kwetu. Toleo la Oktoba lilikuwa na makala ya kurasa sita kuhusu kufufuliwa kwa zao hilohilo, na tuna utaratibu wa kutorudia mada kubwa kabla mwaka haujaisha. Hapo hata ungeandika vizuri kiasi gani, jibu lingekuwa hili.

Ya pili inahusu makala yenyewe. Unataka kuanzia kwa Hindorf na miche 62 iliyofika hai mwaka 1893, upite kwenye kilele cha mwaka 1964, tulipozalisha tani zipatazo 230,000, uje kwenye nyuzi za viwandani zilizoporomosha bei, mashamba kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha, ubinafsishaji, mpaka leo. Yote kwa maneno 1,500. Tarehe na takwimu zako nimezipitia na ziko sawa. Shida ni kwamba kila kipindi kingeambulia aya moja, na msomaji angemaliza akiwa na miaka mingi kichwani bila kumfahamu mtu hata mmoja aliyewahi kushika panga akakata mkonge. Tena umeandika kwamba zao "limefufuka", lakini hukusema limefufuka kwa faida ya nani. Hilo wasomaji wetu wa Korogwe na Muheza wangeniuliza siku ileile gazeti linapofika.

Sasa nikwambie kilichonifanya nilisome pendekezo lako mara ya pili. Kwenye aya ya tatu umemtaja jirani yako, mzee aliyeletwa na SILABU kutoka Kasulu akiwa kijana, miaka ya mwisho ya ukoloni. Mkataba ukaisha, naye hakurudi kwao. Umemtaja kwa sentensi moja ukampita. Mimi nilikwama hapohapo. Kwa nini hakurudi? Nauli ilimshinda, au alishaoa? Aliwahi kwenda Kasulu hata kuhani msiba? Watoto wake wanazungumza Kiha, au wamebaki na Kiswahili cha kambini tu? Na ile nyumba ya kambi anayoishi, leo ni mali ya nani?

Habari za manamba zimeandikwa sana na wanahistoria, ila kwa kawaida wao huwatazama kwa wingi wao: walikuja wangapi, walitoka mikoa gani, walilipwa nini. Wewe unaishi jirani na mmoja wao. Wazee hawa wanapungua kila mwaka, na naamini kwa dhati kwamba wasipohojiwa sasa hatutapata nafasi nyingine.

Kwa hiyo, ukiona inakufaa, niletee pendekezo jipya: kambi moja, familia moja, toka siku mzee aliposhuka kwenye gari mpaka wajukuu wake wanavyoishi leo. Historia ya zao iingie pale tu inapogusa maisha yao. Kama yupo binti au mjukuu anayefanya kazi korona au kwenye brashi hivi sasa, huyo ni wa kuanza naye. Ukurasa mmoja unatosha. Nieleze umekwisha kuzungumza na nani, nani amekubali jina lake litumike, na kama uongozi wa shamba utakuruhusu kupiga picha ndani. Mzee mwenyewe muulize kwanza, kabla hujaniandikia, asipotaka, tuheshimu.

Toleo letu la Mei Mosi bado lina nafasi ya makala moja ndefu. Nikilipata pendekezo kabla ya tarehe 20 Februari, nitaliingiza kwenye kikao cha wiki hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba litapita, maana uamuzi ni wa kikao, lakini nitalitetea. Likipita, tutakulipia nauli na malazi mbali na malipo ya makala.

Pendekezo la awali ni mali yako. Ukitaka kulipeleka kwa chombo kingine, usisubiri ruhusa yetu. Na kama una wazo jingine kabisa lisilohusu mkonge, niandikie moja kwa moja kwa anwani hii badala ya ile ya jumla; barua za kule huchelewa kunifikia.

Msalimie mzee.

Wako katika kazi,
Zuhura
Mhariri wa Makala